Kilainisha nguo "cha michezo": nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa shingo upande

Chupa imeandikwa "huondoa harufu ya jasho" kwa herufi kubwa. Maneno "epuka nguo za michezo zinazokausha jasho" yako nyuma, kwa herufi za kusomwa na siafu. Sasa mnamuuzia nani?

Poliesta, kitambaa cha nguo nyingi za aina hiyo, hainywi maji, ila inapenda mafuta. Mafuta ya mwili hung'ang'ania nyuzi, bakteria huyala, na kinachonuka ni mabaki ya karamu yao. Kilainisha huongeza utando mwingine wa mafuta juu ya ule wa mwili, kwa hiyo sabuni ya kawaida haipenyi. Jezi yangu ilitoka kwenye kamba ikinukia maua. Dakika chache baada ya kuvaliwa, joto la mwili likaamsha uvundo, sasa umechanganyika na maua. Afadhali uvundo mtupu.

Kilichoisafisha ni kazi ya kutoa mafuta kwanza. Igeuze ndani nje, pakaza sabuni ya maji ya vyombo makwapani, sugua taratibu kwa vidole, iache kama robo saa, kisha suuza hadi povu liishe. Halafu tafuta unga wa kuondoa madoa wenye sodiamu pakaboneti, usiwe wa klorini, maana klorini hula nyuzi za kunyumbuka. Yeyusha vijiko viwili vya chakula kwenye lita tano za maji ya nyuzijoto 40 hivi. Maji baridi huufanya unga ufanye kazi kwa uvivu, na yanayochemka hulegeza nyuzi za kunyumbuka na kubandua namba za mgongoni. Loweka saa mbili au tatu kwenye beseni lililoachwa wazi, kwa sababu unga hutoa gesi. Kama rangi inakutia shaka, jaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Kisha fua kwa sabuni kidogo kuliko kawaida na suuza mara mbili, kwani sabuni iliyobaki nayo hushika uchafu. Anika penye hewa.

Usinuse nguo ikiwa baridi, itakudanganya. Ikikauka, puliza pumzi ya moto kwapani au ikumbatie viganjani hadi ipate joto, ndipo unuse. Ikinuka bado, rudia kuloweka. Iliyokaa na utando miaka mingi huenda isikubali kabisa.

Nilitaka kukipa kilainisha nyota mbili, maana kwenye mashuka ya pamba kwa kweli hakina ubaya. Kisha nikasoma tena ile "huondoa harufu ya jasho". Hapana. Moja. Kwenye jezi hakiondoi kitu, kinaficha, tena kwa muda mfupi.