Marimba ya chupa za maji: nimeitumia na darasa la tatu, nawaonyesha inavyofanya kazi na inapokwama

Haya jamani, habari zenu, karibuni. Hapa mezani nina chupa tano za soda, zile za kioo za kurudisha dukani, zote za ujazo mmoja wa mililita 350, kila moja nimeitia maji kiasi chake. Nimezisimamisha juu ya kanga niliyoikunja mara nne, na cha kupigia ni penseli tu, naipiga kwa ule upande wa nyuma usiochongwa. Sikilizeni kwanza kabla sijaongea sana. Ting, ting, ting, ting, ting. Walioimba kwaya mmeshaijua hiyo, ni do re mi so la.

Hii kitu nimekaa nayo muhula mzima na watoto wa darasa la tatu, so nachosema leo nimekiona kwa macho na masikio yangu. Na nianze na jambo ambalo lilinipotezea wiki nzima, lugha. Kwa Kiswahili ukimwambia mtoto "imba kwa sauti ya juu" yeye anapiga kelele, na ana haki, maana ndivyo tunavyoongea kila siku, sauti ya juu ni sauti kubwa. Sasa mimi napiga chupa mbili nauliza ipi iko juu, wao wananichagulia ile niliyoipiga kwa nguvu! Nikabadilisha, nikaanza kusema sauti nene na sauti nyembamba, afu nikawapigia chupa ile ile moja, mara taratibu mara kwa nguvu, nikawauliza imenenepa au imepungua. Wakanyamaza, mmoja akasema "Mwalimu ni ile ile ila imekaribia." Hapo ndo nikajua wameelewa kwamba ukubwa wa sauti na unene wake ni vitu viwili tofauti, na mpaka hapo hatujagusa maji hata kidogo. Ukiruka hii hatua usiendelee, rudi.

Haya, maji. Ukigonga chupa kinachotetemeka ni kioo chenyewe, na maji yaliyogusana na hicho kioo yanabebwa nayo kwenye huo mtetemo, kwa hiyo ni kama umekiongezea mzigo, kinatetemeka polepole zaidi, na kitu kikitetemeka polepole sauti yake inakuwa nene. Maji mengi sauti nene, maji machache sauti nyembamba. Ndo maana pia haitakiwi uishike chupa mkononi wakati unagonga, mkono unaua mtetemo unasikia "tk" tu, na zisigusane maana zitachachatika.

Kupanga sauti sasa, hapa ndo watu wengi wanakosea. Wanatafuta mahali palipoandikwa do mililita kadhaa, re mililita kadhaa, wanapima vizuuri na jagi, wanagonga, haifanani na kitu. Vipimo vya chupa ya mtu mwingine havikusaidii kwa sababu unene wa kioo haufanani, hata hizi zangu zote ni za kinywaji kimoja na nikizitia maji sawa kabisa mbili zinatofautiana kidogo. Kwa hiyo unapanga kwa sikio. Chupa ya kwanza niliijaza mpaka begani, pale inapoanza kubana kwenda shingoni, nikaigonga, sauti iliyotoka ndo nikaiita do. Haijalishi ni do ya kinanda au siyo, hiyo ndo do yetu. Afu unaiimba, do, unapanda kwa mdomo, re, unashikilia ile re kichwani, unagonga chupa ya pili. Nene mno? Punguza maji. Nyembamba mno? Ongeza.

Kwa kupunguza na kuongeza nunueni bomba la sindano duka la dawa, lile la mililita 10, bila sindano yenyewe, ukivalisha kipande cha mrija mbele linafika ndani ya chupa vizuri. Kijiko kinamwaga nje na ukiinamisha chupa yanatoka mengi kwa mkupuo unaanza upya. Na nilijaribu ile apu ya simu ya kupangia gitaa, kwa chupa inahangaika, mlio wa chupa ni mfupi na una milio mingine midogo ndani yake, mshale unarukaruka. Kuimba ni bora, na kwa mtoto ndo zoezi lenyewe.

Kitu kimoja mtakiona njiani. Kutoka do kwenda re na kwenda mi maji yanashuka kidogo kidogo, kila bomba unalotoa unasikia tofauti. Lakini kutoka so kwenda la nilitoa maji, nikatoa, nikatoa, sauti haitaki kupanda, la yangu imekuja maji yamebaki kama vidole viwili tu. Sababu ni kwamba kitako cha chupa ni kinene na kigumu, pale chini hakuna mtetemo mkubwa, kwa hiyo maji yaliyoko kule hayakiongezei kioo mzigo wa maana. Mwalimu asiyejua hili atadhani ameharibu, hajaharibu, aendelee kutoa.

Ikishakaa sawa piga mstari na maka peni kwenye usawa wa maji, na andika namba ya chupa, maana mstari ni wa chupa hiyo hiyo tu. Jioni namwaga maji yote, kesho yake nikijaza mpaka mistarini naipata karibu kabisa, narekebisha kidogo kwa bomba.

Sasa rangi. Kila picha ya hii marimba utaona maji mekundu, ya kijani, ya bluu, yanapendeza kweli na rangi ya chakula haibadilishi sauti. Mimi nimeacha kuzitia, na ninawaomba walimu wenzangu muache pia angalau mwanzoni. Watoto wangu walishika wimbo mzima ndani ya dakika tano, nyekundu nyekundu kijani bluu, nikafurahi sana. Afu nikazihamisha chupa nikabadilisha na maji ya rangi, wakapiga rangi zile zile, sauti zikatoka shaghalabaghala na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Walikuwa wanasoma rangi, hawasikilizi. Hata maji meupe yana hilo tatizo, mtoto anaangalia usawa wa maji anajibu. Kwa hiyo sasa hivi naweka kiboksi mbele, nimekata katoni ya biskuti upande mmoja, mimi naona wao hawaoni.

Na zoezi ninalolipenda kuliko yote ni hili, halihitaji hata chupa tano. Chukua chupa mbili, zitie maji mpaka katikati, zilinganishe mpaka zitoe sauti moja, ziweke nyuma ya boksi. Watoto wafumbe macho. Gonga ya kwanza, gonga ya pili, wanaodhani ni sawa wasifanye kitu, wanaosikia tofauti wanyooshe mkono juu. Afu ongeza mililita 5 kwenye moja tu, gonga tena zote mbili, ongeza 5 nyingine, gonga. Darasani kwangu mara ya kwanza 5 ya kwanza hakuna mkono, ya pili mikono minne, ya tatu kama nusu ya darasa. Baada ya wiki tatu kwenye ile 5 ya kwanza kulikuwa na mikono saba, na kuna binti mmoja anakaa nyuma kabisa, mpole, haongeagi, yeye alikuwa anasikia kabla yangu, mimi nabaki najiuliza hivi imebadilika kweli au? Ila muwe makini, wapo wanaochungulia jirani kanyoosha au hajanyoosha, na wapo wanaohesabu tu kwamba kila mara unaongeza maji. Kwa hiyo mara nyingine, chupa zikiwa bado zina sauti moja, jifanye umeongeza, acha bomba litoe mlio, lakini usitie kitu. Mkono ukinyooka hapo umejua nani anabahatisha.

Haya, sasa sehemu ambayo darasa zima lilisimama. Sikilizeni, hii ni ile chupa ya do, ina maji mengi, nikiigonga ni nene kuliko zote. Naipuliza juu ya mdomo. Fyuuu. Nyembamba! Na hii ya la ambayo ikigongwa ni nyembamba, naipuliza, vuuu, ni nene. Imegeuka kabisa. Watoto walibishana hapa mpaka kengele ikalia, wengine wakasema Mwalimu umebadilisha chupa. Hakuna kilichobadilishwa, ila ukipuliza kinachotetemeka siyo kioo tena, ni hewa iliyoko ndani, na chupa yenye maji mengi ina hewa kidogo, hewa kidogo inatetemeka haraka. Waulize swali moja tu, "nini kinatetemeka?", wataifikia wenyewe.

Na wale wa darasa la tano na sita wapeni hili: chupa tupu inapulizwa, wanaiimba hiyo do, wanatafuta do ya juu yake kwa kuongeza maji. Wote wataanza kwa kujaza nusu, na nusu haitoshi, ni kama katikati ya safari tu, inabidi waendelee mpaka hewa ibaki karibu robo. Waacheni wahangaike wafike wenyewe kwenye robo. Kila mtoto na chupa yake ya kupuliza tafadhali, hakuna kupokezana midomo. Na hapa hata chupa za plastiki za maji zinafaa kabisa, zile ambazo ukizigonga zinasema "pu" tu, kwenye kupuliza zinaimba vizuri na hazivunjiki.

Inapokwama ni kwenye do ya juu. Kwa kugonga, hizi chupa nene za soda hazinipi oktavu nzima, nimejaribu tupu kabisa na iliyojaa kabisa, naishia kama la hivi. Kioo kinene tayari ni kizito chenyewe, maji hayakiongezei mzigo wa kutosha. Chupa ya kioo chembamba inaenda mbali zaidi, mimi nilipata moja ndogo ya sosi ikanipa ile do ya juu, nikaiongeza kama ya sita. Ila kwa darasa la kwanza mpaka la nne hizi tano zinatosha, na uzuri wa do re mi so la ni kwamba mtoto akigonga ovyo ovyo bado hazigombani.

Usalama: kagueni midomo ya chupa, iliyomeguka hata kidogo itoke. Kijiko cha chuma hapana, kinapasua. Na mtoto agonge tumboni mwa chupa, siyo shingoni, kwa kuacha penseli iruke yenyewe kama unavyogonga ngoma, ukiikandamiza penseli kwenye kioo mlio unakufa. Angalieni mkono wangu hapa karibu. Hivi, ting. Na hivi, tk. Mmeona kidole gumba nimekilegeza? Hiyo ndo tofauti.