Printa sina neno nayo, ila kiondoaji chake kinadanganya

Printa hii ya kuchapa na kuskani nimekaa nayo miaka mitatu bila ugomvi. Ugomvi ulianza niliposhusha draiva mpya. Kisakinishi kilikwenda vizuri, kikakwama karibu na mwisho, kikasema kimeshindwa. Nikatumia kiondoaji cha kampuni yenyewe, kikaniambia kila kitu kimeondolewa. Nikawasha upya, nikajaribu tena, kikakwama palepale.

Mara tatu.

Kilichonifumbua macho ni waya wa USB. Niliuchomeka kabla sijasakinisha chochote, na sekunde chache baadaye printa ikajitokeza yenyewe, na draiva yake ni toleo lilelile la zamani. Imetoka wapi, kama kweli imeondolewa? Imetoka ghalani. Windows huhifadhi nakala ya kila furushi la draiva kwenye folda iitwayo `DriverStore`, na kuifuta printa kwenye orodha hakuligusi furushi hilo. Kiondoaji kilikuwa kimefuta programu na ikoni tu.

Basi nikachomoa waya, nikaifuta printa kwenye orodha, kisha nikafungua dirisha la amri kama msimamizi:

```
net stop spooler
net start spooler
printui /s /t2
```

Amri mbili za kwanza zinaizima na kuiwasha huduma ya uchapaji. Nilipoziruka mara ya kwanza, niliambiwa draiva bado inatumika. Ya tatu inafungua orodha ya draiva za printa. Chagua ya zamani, bonyeza `Remove`, halafu uwe makini: utaulizwa ufute draiva peke yake au pamoja na furushi lake. Chagua `Remove driver and driver package`. Ukichagua ile ya kwanza, umerudi kule kule kwa kiondoaji.

Upande wa skana haumo kwenye orodha hiyo, na kwangu ndio uliokuwa umebaki unang'ang'ania. Huo niliusaka hivi:

```
pnputil /enum-drivers
pnputil /delete-driver oem27.inf /uninstall
```

Amri ya kwanza inamwaga orodha ndefu. Tafuta jina la kampuni ya printa, soma `Original Name` na toleo, ndipo uchukue namba ya `oem`. Yangu ilikuwa 27, yako itakuwa nyingine, na ukikosea unaweza kung'oa draiva ya kitu kingine kabisa. Kama una printa mbili za kampuni moja, hakikisha hazitumii furushi moja. Na usiingie kwenye ile folda kufuta mafaili kwa mkono.

Baada ya hapo kisakinishi kilimaliza bila kukwama, nami nikachomeka waya pale tu kiliponiambia nichomeke.

Kwa uchapaji naipa nyota nne. Kwa kiondoaji, moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri hairuhusiwi.