Uzoefu wangu na OCRmyPDF: tangazo la ruzuku la kurasa 14, zote picha

Tangazo lilinifikia kama PDF iliyoskaniwa kwa haraka. Kurasa mbili zimelala ubavu, nyingine zimepinda, na huwezi kunakili hata mstari mmoja. Mimi kabla sijagusa andiko la mradi hutaka kwanza karatasi moja yenye safu nne: sehemu inayotakiwa, kikomo chake cha maneno, kiambatisho chake, na ukurasa wa tangazo ilikotoka. Safu ya mwisho ndiyo inayomaliza ubishi ofisini.

Nilitumia OCRmyPDF, programu ya bure inayoitegemea Tesseract kusoma herufi. Kwenye Ubuntu unaiweka pamoja na lugha ya Kiswahili, kisha unaipa faili:

```
sudo apt install ocrmypdf tesseract-ocr-swa poppler-utils
ocrmypdf -l swa+eng --rotate-pages --deskew tangazo.pdf tayari.pdf
pdftotext -layout tayari.pdf tangazo.txt
```

Usisahau `swa`. Ukiiacha, programu inasoma kwa kudhani maandishi ni ya Kiingereza, na maneno ya Kiswahili huanza kutoka yamekatwakatwa. Kurasa zilizolala zilisimama, zilizopinda zikanyooka, na aya za kawaida zilitoka safi kuliko nilivyotarajia. Hapo naipa alama zote.

Kasheshe ilikuwa jedwali la ukurasa wa 6. Lilikuwa na sehemu saba: Muhtasari, Tatizo, Malengo na Shughuli, Bajeti, Ufuatiliaji, Uendelevu, na Uzoefu wa Taasisi. Mara ya kwanza nilitoa maandishi bila `-layout`, yakaja majina yote saba kwanza, halafu tarakimu zote chini yake: 250, 500, 1,700, 400, 350, 800. Nikazipanga moja moja kwa mfuatano. Bajeti ikapata maneno 400, Ufuatiliaji 350, Uendelevu 800, na Uzoefu wa Taasisi ukabaki mikono mitupu.

Hesabu tarakimu: ni sita, majina ni saba. Kwenye picha, kisanduku cha Bajeti hakikuwa na kikomo kabisa, kilikuwa na mstari mdogo tu unaosema ijazwe fomu ya Kiambatisho C. Kwa hiyo kila kikomo kilichofuata kilikuwa kimepanda ngazi moja. Ufuatiliaji ulikuwa na maneno 400, Uendelevu 350, na zile 800 zilikuwa za Uzoefu wa Taasisi. Ningeandika Uendelevu wa maneno 800 nikijiona nimefuata masharti.

Kosa la pili lilijificha zaidi. Chini ya jedwali tangazo linasema andiko lote lisizidi maneno 3,500. Nikajumlisha nilizonazo, nikapata 4,000. Ziada ya 500 kamili inanuka tarakimu moja iliyosomwa vibaya. Nikakuza picha: Malengo na Shughuli ilikuwa 1,200, ile 2 iliyofifia ilisomwa 7. Lakini ona mtego: jumla haikamati kosa la kupanda ngazi, kwa sababu tarakimu ni zilezile, zimebadilishana viti tu. Lazima ufanye yote mawili, kuhesabu visanduku na kujumlisha. Siku hizi ukurasa wenye jedwali nauchapa na kuuweka pembeni ya skrini, hata kama maandishi yanaonekana yametoka vizuri.

Kwa viambatisho nilitafuta hivi:

```
grep -n -i -E "ambat|nakala|barua|cheti|sharti|lazima" tangazo.txt
```

Nimeandika `ambat` kwa makusudi, maana Kiswahili kinabadilisha kichwa na mkia wa neno: ambatisha, yaambatanishwe, viambatanisho, vyote vinanaswa. Orodha rasmi ya ukurasa wa 12 ilikuwa na vitu vitano. Utafutaji ukanipa cha sita, hesabu zilizokaguliwa za miaka 2, ambacho kilikuwa kimetupwa kwenye sifa za mwombaji, ukurasa wa 3. Waandishi wa matangazo wana tabia hiyo.

Cha saba hakikunaswa. Ukurasa wa 9 una muhuri uliopigwa juu ya tanbihi, na kwenye `tangazo.txt` mahali pale palikuwa na vitone na herufi zisizoeleweka. Nilipoiangalia picha nikasoma kwa taabu: barua ya mshirika iliyosainiwa. Basi baada ya `grep` napitia maandishi nikitafuta takataka za namna hiyo, na kila nilipozikuta narudi kwenye picha. Maandishi ya mkono pembezoni nayo usiitegemee iyasome; kwenye tangazo hili tarehe ya mwisho ilikuwa imekatwa kwa kalamu na nyingine kuandikwa juu, na faili langu lilibaki na ile ya zamani.

Kazi nzima ilichukua asubuhi moja, na sehemu kubwa ya muda huo niliumalizia kwenye ukurasa wa 6 na wa 9.