Uzoefu wangu na matangazo ya Google kwa kitalu cha parachichi Mbeya: vichwa gani nimepini na vipi nimeviacha

Wadau habari zenu, naandika hii kwa wale wenye biashara ndogo huku kwetu Nyanda za Juu wanaolipia matangazo ya Google yale ya kwenye utafutaji, maana naona watu wengi wanaongelea bajeti tu wakati maneno yenyewe ya tangazo ndo yanakula hela. Mi nashughulikia matangazo ya kitalu cha kaka yangu pale Uyole, anauza miche ya parachichi ya Hass iliyobebeshwa, na wateja wanatoka Rungwe, Makete, Njombe mpaka Mafinga.

Kwa ambaye hajawahi kuingia humo, tangazo lenyewe liko hivi. Huandiki tangazo moja likakaa hivyohivyo, unaandika vipande. Vichwa unaruhusiwa mpaka 15, kila kimoja kisizidi herufi 30 na nafasi kati ya maneno nayo inahesabiwa, halafu maelezo mpaka 4, kila moja herufi 90. Mtu akitafuta, Google wanachagua vichwa visivyozidi 3 na maelezo yasiyozidi 2, wanavipanga wanavyoona wao, kwa hiyo mteja wa Tukuyu na wa Makambako wanaweza kuona matangazo mawili tofauti kabisa ya kitalu kilekile. Zamani kulikuwa na aina unayoandika kitu kizima kama kilivyo, lakini tangu 30 Juni 2022 huwezi kutengeneza mapya ya aina ile, kwa hiyo hapa hakuna pa kukwepea.

Herufi 30 kwa Kiswahili ni chache jamani. "Miche ya Parachichi Iliyobebeshwa" ni 33, inakataa. Lakini "Miche ya Hass Iliyobebeshwa" ni 27, inapita, na mkulima anayejua anachotafuta anaelewa Hass ni parachichi. "Miche Bora ya Parachichi Mbeya" inagonga 30 kamili. Nashauri uandike kwanza kwenye daftari halafu uhesabu, na alama ya mshangao usiiweke kwenye kichwa, hairuhusiwi, na namba ya simu usiiandike ndani ya maneno ya tangazo, nayo wanaikataa, ina sehemu yake maalum ya kuweka. Wabongo tumezoea kumalizia kila tangazo na namba ya simu, humo utapigwa chini.

Sasa tuje kwenye kupini, ndo sababu ya kuandika. Ukiweka kipanya juu ya kichwa kinatokea kialama cha pini, ukikibonyeza unachagua kwa mfano "Show only in position 1", basi hicho kichwa kitaonekana nafasi ya kwanza tu, hakiendi kwingine, na vile usivyovipini havitakaa tena nafasi hiyo hata siku moja. Hapo ndo watu wengi hawapaelewi. Wanadhani wamekipa kichwa kimoja heshima ya kukaa mbele, kumbe wamevifungia mlango vingine vyote.

Jamaa aliyetuandalia tangazo mara ya kwanza alipini kila kitu, kichwa kimoja nafasi ya 1, kimoja ya 2, kimoja ya 3. Tangazo lilikuwa linasomeka vizuri, sikatai, lakini lilikuwa moja tu kwa kila mtu, anayetafuta bei analiona hilohilo na anayetafuta kitalu cha karibu analiona hilohilo. Halafu nafasi ya 3 aliweka "Oda Kuanzia Miche 50". Hiyo ilitutesa kweli kwa sababu kichwa cha tatu si lazima kionekane. Google wenyewe wanasema wazi kwenye maelezo yao kwamba kitu ambacho ni lazima kionekane kila tangazo linapotoka kiwekwe nafasi ya 1 au ya 2 ya vichwa, au nafasi ya 1 ya maelezo. Nafasi ya 3 ya vichwa na ya 2 ya maelezo zinaweza kukatwa. Kwa hiyo watu wakawa wanabonyeza bila kuona sharti lolote, wanapiga simu. Mzee mmoja wa Tukuyu nakumbuka, nimempa shikamoo, kaitikia, akasema mwanangu nimeliona tangazo lenu, mi nataka miche mitano tu ya kuweka nyuma ya nyumba. Ningemjibu nini, na ile kliki imeshalipiwa. Na simu za namna hiyo ziliendelea kuja mpaka tulipolibadilisha tangazo.

Kwenye kubadilisha, sharti nililihamishia kwenye maelezo, nikapini mawili yote nafasi ya 1, na yote yana sharti ndani yake:

```
Oda kuanzia miche 50. Miche imebebeshwa, ina lebo, iko tayari kwa msimu wa mvua.
Tunauza kuanzia miche 50. Tunakuletea hadi Tukuyu, Makete, Njombe na Mafinga.
```

Ukipini viwili au vitatu nafasi moja vinapokezana, hapo Google bado wana cha kuchagua na we bado una uhakika, mteja ataona lolote kati ya hayo mawili lakini hawezi kulikosa lile la miche 50. Maelezo mengine mawili nimeyaacha huru, yakionekana sawa, yasipoonekana hakuna linaloharibika. Watu wa miche mitano wamepungua sana, siwezi kusema wameisha maana wapo wanaopiga bila kusoma.

Upande wa vichwa kuna watu wanasema usipini kabisa, iachie mashine ijifunze. Nimeijaribu hiyo na kwa biashara yetu haifai, sababu ni hii. Tulikuwa na vichwa vitatu vinavyotaja bidhaa:

```
Miche ya Parachichi ya Hass
Miche Bora ya Parachichi Mbeya
Miche ya Hass Iliyobebeshwa
```

Vyote vizuri kimoja kimoja. Ukiviacha huru vinaweza kutokea vyote vitatu pamoja kwenye tangazo moja, miche miche miche, hakuna bei, hakuna mahali, hakuna kingine. Niliviona hivyo kwenye ripoti ya Combinations, ile inayoonyesha vipande vilivyotoka pamoja na vimeonyeshwa mara ngapi (haionyeshi kliki za kila mpangilio, kwa hiyo usiitumie kutafuta mshindi, itumie kukagua tu vinasomekaje). Dawa ilikuwa kuvipini vyote vitatu nafasi ya 1. Vikigombania kiti kimoja haviwezi kukaa pamoja, anakaa mmoja tu. Kwangu mimi hii ndo faida kubwa kuliko zote ya pini na sioni watu wakiisema, wanaongelea pini kama njia ya kuweka kitu mbele wakati inatumika pia kutenganisha vitu vinavyofanana.

Vingine sita nimeviacha huru, ni "Mche Mmoja Shilingi 4,000", "Tunafikisha Rungwe na Njombe", "Kitalu Chetu Kipo Uyole", "Njoo Uione Kitaluni", "Ushauri wa Kupanda ni Bure" na "Piga Simu Uweke Oda Leo". Hivi vinaenda nafasi ya 2 na ya 3 kwa mpangilio wowote, kwa hiyo kila kimoja lazima kisimame chenyewe. Kichwa kinachoanza na "Pia Tunafikisha" usikiache huru, kwa sababu hujui kitafuata baada ya nini.

Hesabu yake ni rahisi. Vichwa 9 bila pini yoyote, kwa nafasi tatu, ni mipangilio 9 × 8 × 7, yaani 504. Nikipini vitatu nafasi ya 1 na sita vikabaki, ni 3 × 6 × 5, yaani 90. Mtu wa Dar mwenye maelfu ya watafutaji kila siku labda 504 ni sawa kwake, lakini sisi wanaotafuta miche ya parachichi kwa mwezi ni wachache, na wengi wanakuja mvua zikikaribia, Oktoba Novemba hivi, ukitawanya hao wachache kwenye mipangilio mingi hivyo hakuna mpangilio utakaoonyeshwa vya kutosha ujue kitu. Kwa hiyo kwangu kupunguza mipangilio si hasara tu kama wanavyosema.

Hasara zipo lakini. Kwanza kile kipimo cha Ad strength kilishuka mara tu nilipopini, kikawa "Average", na ukipini zaidi kinaweza kufika "Poor". Usihangaike nacho sana, hakiingii moja kwa moja kwenye mnada wa kuamua tangazo la nani litokee, kinakuambia tu umewapa Google vipande vingi na tofauti kiasi gani. Mi naangalia simu zinazoingia na oda zilizolipwa.

Hasara ya pili ndo ya kweli, nayo ni bei. Kwa kuwa nafasi ya 1 ni ya wale watatu tu, mtu akiandika "bei ya miche ya parachichi" bei haiwezi kumtokea mbele hata kama ingemvuta zaidi. Wazo la kwanza lilikuwa kuongeza kichwa cha nne pale nafasi ya 1, "Miche ya Hass kwa Sh 4,000". Kinaingia, ni herufi 26. Lakini ona, nafasi ya 2 kinaweza kufuata "Mche Mmoja Shilingi 4,000" na tangazo likataja bei ileile mara mbili, na hakuna sehemu ya kuwaambia hiki kisikae na kile wakati viko nafasi tofauti. Kwa hiyo nikatenga kundi jingine la matangazo kwa maneno ya utafutaji yenye "bei" tu, humo nafasi ya 1 nimepini "Miche ya Hass kwa Sh 4,000" na "Bei ya Miche ya Hass Sh 4,000", na kile cha mche mmoja sikukiweka kabisa. Ni kazi ya ziada, na kaka akipandisha bei nakumbuka kuingia sehemu mbili.

Kama bidhaa yako haina sharti lolote na vichwa vyako havifanani, sioni haja ya kupini kitu. Na kabla hujapini andika vichwa vyako vyote kwenye karatasi, chukua viwili viwili usome kwa sauti, vile vinavyorudia jambo moja ndo uvipini nafasi moja. Mwenye kitalu cha miti ya mbao au mwenye gesti Iringa anayelenga watu wa Ruaha anaweza kuniuliza hapo chini, ila taja vichwa vyako kama vilivyo nivione.