Uzoefu wangu na GIMP: kuipa picha ya usiku ya Arusha sura ya mji wa neoni uliolowa mvua

Programu ninayoieleza hapa ni GIMP, toleo la 2.10, ambayo hupakuliwa bure na ambayo nimekuwa nikiitumia kutengeneza mabango na majalada ya nyimbo hapa Arusha. Nitaipima kwa kazi moja tu: kuigeuza picha ya kawaida ya mtaa uliolowa iwe na ile hali ya mji wa usiku wenye vivuli vya samawati, taa za waridi na mng'ao wa rangi unaomwagika juu ya lami. Kwa kazi hiyo programu inatosha kabisa, ila njia inayoonekana fupi zaidi ndani yake ndiyo inayotoa matokeo dhaifu zaidi.

Picha niliyoifanyia kazi ilipigwa kwa simu kutoka kwenye baraza la duka, barabara ya Sokoine, jioni ya masika muda mfupi baada ya machweo. Upande wa kushoto kuna bango jekundu la duka la simu, katikati kuna dereva wa bodaboda aliyevaa koti la mvua, nyuma yake kuna haisi iliyowasha taa, na kila kitu kimefunikwa na umanjano wa taa za barabarani. Aliyeagiza kazi ni msanii wa hip hop wa Kaloleni, na maelekezo yake yalikuwa mafupi: "Kaka, nataka neoni na mvua, lakini mtu akiona ajue hii ni Chuga." Kwa hiyo bango, haisi na bodaboda vilipaswa kubaki vilivyo, na kazi yote ifanywe na rangi.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuitia picha giza. Simu za siku hizi hung'arisha picha za usiku kupita kiasi, na mng'ao hauonekani pale ambapo kila kitu tayari kina mwanga. Katika `Colors > Curves` nilishusha sehemu ya katikati ya mstari mpaka kuta za maduka zikakaribia kupotea, huku nikiiacha ncha ya juu mahali pake ili taa zisififie. Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda `Image > Precision` na kuchagua `16 bit integer`, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Hatua iliyofuata ilikuwa kugawanya toni, yaani kuvipa vivuli rangi moja na maeneo angavu rangi nyingine, mara nyingi zinazopingana. GIMP ina chombo kinachoonekana kama kimetengenezwa kwa ajili hiyo, yaani `Colors > Color Balance`, chenye vitelezo vya `Shadows`, `Midtones` na `Highlights`. Tatizo ni kwamba mipaka ya sehemu hizo tatu inaingiliana sana. Ukiongeza samawati kwenye vivuli, sehemu yake hupanda hadi kwenye toni za kati, na ukiongeza waridi kwenye maeneo angavu, nayo hushuka. Mwishowe rangi mbili hukutana katikati na kuzaa kijivu chenye uchafu wa zambarau. Mtu akiona kuta zake zina rangi hiyo ya tope, ajue kwamba toni hazijagawanyika bali zimechanganyika.

Kilichonisaidia ni maski. Nilinakili leya, kisha katika `Layer > Mask > Add Layer Mask` nikachagua `Grayscale copy of layer` na kuweka tiki kwenye `Invert mask`. Maski ya namna hiyo huonyesha leya pale penye giza na kuificha pale penye mwanga, tena kwa mpito laini unaofuata picha yenyewe. Baada ya kubofya kijipicha cha leya, kwa kuwa GIMP hukuacha umeishika maski, nilirudi kwenye `Color Balance` na kuvuta `Shadows` na `Midtones` kuelekea samawati-kijani: takriban 25 upande wa `Cyan` na 30 upande wa `Blue`. Nilitengeneza nakala ya pili yenye maski isiyogeuzwa kwa ajili ya maeneo angavu, nikaisogeza kidogo kuelekea nyekundu na `Magenta`. Tiki ya `Preserve luminosity` niliiacha ibaki, kwa sababu huzuia weusi kamili usigeuke kuwa buluu iliyopauka. Magurudumu ya pikipiki yalibaki meusi, na rangi ikakaa kwenye lami, ambayo ni kijivu cha giza na ndiyo hasa inayopaswa kuibeba. Uhakiki wake ni rahisi: chukua rangi ya lami kwa `Color Picker` na uone kama namba ya buluu imeizidi nyekundu kwa tofauti inayoonekana, kisha chukua rangi ya taa ya haisi na uone kama namba zote tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, bado zinakaribiana.

Hapa kuna jambo ambalo maelekezo mengi ya mtandaoni hayaligusi, na kwetu ndilo lenye uzito. Maelekezo hayo huchukulia kwamba ngozi ya mtu iko kwenye toni za kati za juu, hivyo haiguswi na rangi ya vivuli. Ngozi nyeusi usiku iko ndani ya vivuli vyenyewe. Dereva wangu wa bodaboda, mara tu nilipoweka samawati, alipata uso wa kijivu kama wa mtu aliyetoka kulazwa. Kupunguza samawati kwa picha nzima kungeua kazi yote, kwa hiyo nilichukua brashi laini yenye rangi nyeusi, ambayo ikipakwa kwenye maski huificha leya, `Opacity` ya takriban nusu, nikapaka kwenye maski juu ya uso na mikono tu. Sikuiondoa samawati yote, maana mtu aliyesimama mvuani kati ya taa hizo lazima aguswe nayo kidogo. Nilirudisha hudhurungi ya kutosha mashavuni na kwenye paji la uso, nikaacha upande wa mbali na bango ubaki wa baridi.

Kwa upande wa mng'ao, GIMP inayo `Filters > Light and Shadow > Bloom`, iliyoanza kupatikana katika toleo la 2.10.20. Niliijaribu kwa uaminifu, na uamuzi wangu ni kwamba inafaa kulainisha picha lakini haifai kujenga neoni. Inachagua kwa kuangalia mwangaza peke yake, na kilichong'aa kuliko vyote kwenye picha yangu kilikuwa taa nyeupe za haisi. Nilipoishusha `Threshold` ili bango nalo liguswe, taa hizo zilikuwa zimeshageuka wingu jeupe lililoimeza nusu ya barabara. Bango jekundu macho yetu huliona kali, ilhali kwa kipimo cha mwangaza liko chini ya karatasi nyeupe iliyobandikwa ukutani.

Kwa hiyo niliujenga mng'ao kwa mkono. Nilifungua leya mpya, nikaiweka kwenye hali ya `Screen`, nikapaka herufi za bango kwa waridi iliyokolea, `#ff2a8a`. Leya hiyo niliinakili ziwe tatu na kila moja nikaitia ukungu wake kwa `Filters > Blur > Gaussian Blur`: ya kwanza pikseli 8, ya pili 40, ya tatu 160, kwa picha yenye upana wa pikseli 4000. `Opacity` yake nayo ilishuka kadiri ukungu ulivyokua: 80, 45 na 20 kwa mia. Ukungu mmoja peke yake hulifanya bango lionekane limezungushiwa pamba, kwa sababu mwanga halisi hupungua haraka sana karibu na chanzo, kisha masalia yake husambaa mbali kwa ulegevu. Hali ya `Addition` ni kali zaidi na inavutia, lakini husukuma rangi mpaka kwenye kikomo, na herufi hupoteza umbo. `Screen` hukikaribia kikomo bila kukivuka. Herufi zenyewe nilizipa kiini cha waridi kilichokaribia weupe, kwa maana taa ya neoni ikipigwa picha hung'aa nyeupe katikati na rangi yake huonekana pembeni. (Gesi ya neoni yenyewe hutoa mwanga mwekundu wa kuelekea chungwa, buluu na nyingine hupatikana kwa gesi tofauti au kwa kupaka kioo. Bango letu jekundu, ingawa ni la LED, lilikuwa karibu na neoni ya kweli kuliko waridi niliyoipaka.)

Mvua ndiyo inayoyafunga yote haya pamoja. Niliziunganisha nakala za leya za mng'ao, nikazipindua juu-chini, nikaziweka kwenye lami moja kwa moja chini ya bango. Kisha nikatumia tena `Gaussian Blur`, safari hii nikiifungua ile alama ya mnyororo ili `Size X` ibaki 12 na `Size Y` ifike 120. Lami si kioo. Ukwaruzo wake huivuta taswira ya taa kumwelekea mtazamaji, na ndiyo maana taa usiku wa mvua huandika mistari mirefu ya wima barabarani. Taswira lazima iwe na mwanga hafifu kuliko bango lenyewe, na lazima ikatike kwenye ukingo wa barabara na chini ya magurudumu, kazi ambayo niliifanya kwa maski. Mwisho nilipaka ukanda mwembamba wa waridi kwenye bega na shavu la dereva upande wa bango. Bila ukanda huo, mtu na mtaa walionekana kama picha mbili zilizobandikwa pamoja.

Sasa ile `16 bit integer`. Mng'ao mpana juu ya giza ni mteremko mrefu wa rangi zinazokaribiana, na kwa biti 8 mteremko huo hukatika ngazi ngazi, ukaonekana kama pete kuzunguka bango. JPEG bado ni ya biti 8, hivyo kabla ya kuhifadhi niliongeza chembechembe kidogo sana kwa `Filters > Noise > RGB Noise`, ambazo huzivunja pete hizo. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha, mgandamizo hurudisha madoa ya mraba gizani. Niliituma kama dokumenti.

Lalamiko langu kubwa kwa toleo la 2.10 ni kwamba halina leya za marekebisho. Msanii alipoomba giza lipungue kidogo, mkunjo wa `Curves` ulikuwa umeshapikwa ndani ya nakala zote, na maski zilizotokana nazo zikalazimika kutengenezwa upya. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, limeleta vichujio vinavyoweza kurekebishwa baada ya kuwekwa, na kwa aina hii ya kazi hiyo ndiyo sababu ya kutosha ya kuhamia huko. Leya nyingi za biti 16 pia ni mzigo kwa kompyuta ndogo yenye RAM ya GB 4, na brashi huanza kuchelewa nyuma ya mkono.

Kwa anayekusudia kuchapisha, waridi na samawati za namna hii haziwezi kubebwa zote na wino. Ukiwa na profaili ya mashine ya mchapishaji, `View > Color Management > Proof Colors` itakuonyesha mapema jinsi zitakavyofifia. Kwa bango la onyesho la msanii huyo nilipunguza ukolezi wa mng'ao na kuongeza giza la kuta, ili tofauti ya mwanga ibebe kile ambacho rangi isingeweza kukibeba kwenye turubai.