Riba isiyobadilika au inayopanda na kushuka? Mwongozo wa mkopo wa nyumba kwa sisi tunaokula kwa msimu, Kigoma

Wiki iliyopita dada mmoja wa Ujiji aliniandikia: "Nimepewa karatasi mbili benki, moja ina riba ya 17 isiyobadilika, nyingine 15 inayobadilika. Mume wangu anasema 15 ni ndogo, tuchukue. Wewe unasemaje?" Nikacheka peke yangu kwa uchungu, maana mwaka 2022 ni mimi niliyekuwa nimekaa kwenye kiti hicho hicho, na mume wangu alisema maneno hayo hayo.

Sitaeleza namna ya kupata hati wala kwa nini uchague riba ya salio linalopungua badala ya riba inayokatwa kwenye mkopo wote hadi mwisho. Hayo yameandikwa kila mahali. Nataka tukae na kipengele kimoja ambacho hakuna afisa mikopo aliyewahi kunifungulia ukurasa wake: riba ikipanda, ni nini kinachoongezeka, rejesho lako au muda wako?

Sisi tuna mitumbwi miwili ya dagaa Katonga, nami nauza mawese Mwanga. Aprili 2022 tulichukua shilingi milioni 40 kwa miaka 10, riba ya 15 inayobadilika, tumalizie nyumba. Benki siitaji, wala siyo hii nitakayoisifu huko mbele. Rejesho lilikuwa kama 645,000 kwa mwezi. Baada ya marejesho 24 ikaja barua: riba sasa ni 18, kwa sababu "hali ya soko imebadilika". Nikaenda dirishani roho juu. Yule kijana akaniambia, "Mama, usiwe na wasiwasi, rejesho lako halijabadilika, ni lile lile." Nikamshukuru! Nikarudi sokoni, nikauza mawese yangu, nikasahau.

Mwaka uliofuata nikataka kujua deni limebaki kiasi gani, nikaomba jedwali la marejesho. Mstari wa mwisho ulisema 2034. Nikadhani wamekosea jina, maana mkataba wangu ulikuwa unaisha 2032.

Hawakukosea. Wakati riba inapanda nilikuwa na deni la karibu milioni 36 na miezi 96 mbele yangu. Kwa riba ya 18, faida ya benki peke yake ilikuwa kama 540,000 kwa mwezi. Kwenye rejesho langu la 645,000, kilichokuwa kinapunguza deni lenyewe mwanzoni ni kama 105,000 tu. Kwa mwendo huo, miezi 96 inageuka takribani 122. Zidisha ile miezi ya ziada, karibu 26, kwa 645,000: ni zaidi ya milioni 16. Wangelipandisha rejesho hadi 709,000 na kuacha muda ulivyokuwa, ningeongeza kama milioni 6 tu kwa miaka yote 8 iliyobaki. Lile "halijabadilika" la yule kijana limenigharimu milioni 10 juu ya ongezeko la kawaida. Nani aliulizwa anachotaka? Si mimi.

Na ile sababu ya soko, nikaifuatilia. Benki Kuu ilianza kutangaza riba yake elekezi Januari 2024, ikiwa asilimia 5.5, na Aprili mwaka huo ikaipandisha hadi 6. Ni nusu ya asilimia. Yangu imepanda tatu. Julai 2025 Benki Kuu ikashusha hadi 5.75, nikasubiri barua ya kushushiwa na mimi. Bado nasubiri. Ukweli ni kwamba neno "inayobadilika" halisemi inabadilika kwa kufuata nini. Mkataba mzuri hutaja kipimo kilicho nje ya benki, mfano riba ya dhamana za serikali, kisha hutaja nyongeza ya benki juu yake, na lini watapitia upya. Mkataba wangu ulisema "kwa uamuzi wa benki". Ukikuta maneno hayo, ujue umeambiwa itapanda. Kushuka ni hisani yao.

Sasa niwapangie, kwa familia ambayo hela yake haiji tarehe 25 ya kila mwezi.

Ya kwanza: riba isiyobadilika kwa muda wote, yenye ruhusa ya kupunguza deni wakati wowote. Kwa milioni ile ile 40, miaka 10, riba ya 17, rejesho ni kama 695,000. Ni 50,000 zaidi ya lile la 15. Sikufichi, riba zikitulia miaka yote 10 utakuwa umetoa kama milioni 6 bure. Mimi ningezitoa. Mshahara wa mwalimu unaweza kuvumilia rejesho kupanda, kwa sababu mshahara unakuja. Mtumbwi hauji. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, wavuvi wanalala nyumbani, na kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, mbalamwezi inahama kwenye kalenda. Kuna miezi inaangukia mbali na tarehe ya rejesho, kuna miezi inaangukia juu yake kabisa. Halafu mwaka 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti samaki wazaliane. Miezi mitatu, na benki haikufungwa hata siku moja. Mtu ambaye mapato yake yanacheza namna hiyo hawezi kuruhusu na deni nalo licheze.

Lakini hiyo ruhusa ya kupunguza deni ndiyo nusu ya thamani yake, na hapa wengi wanaumia bila kujua. Ziwa likifunguliwa, miezi ya kwanza inaweza kuwa mizuri, unapata milioni 5 mkononi. Unaipeleka benki, unaweka kwenye akaunti ya mkopo, unarudi nyumbani unajisifu. Benki nyingi hela hiyo inakaa pale kama rejesho la mbele. Kila mwezi wanajikatia 695,000 yao, na deni linaendelea kuhesabiwa riba kana kwamba hukuleta kitu. Ili ikate deni, lazima uandike barua: "Naomba kiasi hiki kipunguze deni la msingi, rejesho libaki lile lile, muda ufupike." Chukua nakala yenye mhuri. Kisha jaribu hivi: milioni 3 ikikata deni kwa riba ya 17, sehemu ya riba kwenye rejesho la mwezi unaofuata inapaswa kushuka kwa 42,500. Isiposhuka, hela yako imelala mahali.

Na usipeleke zote. Hapo mwanzo nilifanya ujinga huo pia. Tenga kwanza marejesho matatu, yaani kama milioni 2 na laki moja, uyaweke kwenye akaunti nyingine kabisa ambayo benki ya mkopo haiioni. Hiyo ndiyo ya Mei hadi Agosti. Kinachozidi ndicho kikate deni. Hela ikishakata deni hairudi, hata ukilia dirishani, na adhabu ya kuchelewa haijui kwamba Septemba uliwaletea mamilioni.

Uliza pia tozo ya kulipa kabla ya muda. Tuseme ni asilimia 3: kwa milioni 3 ni 90,000, ambapo mwaka wa kwanza tu unaokoa kama 510,000 ya riba. Inalipa. Isipokuwa kama umebakiza miezi michache, hapo hesabu inageuka, acha tu mkopo uishe wenyewe.

Ya pili: inayobadilika, yenye kipimo kilichotajwa, yenye kikomo cha riba kupanda, na rejesho ndilo linalopanda. Msishangae kwamba nasifu rejesho kupanda. Rejesho likipanda utaumia mwezi huo huo, utapiga kelele, utabana matumizi, utauza kiwanja cha Mwandiga ikibidi. Muda ukirefuka huumii, unalala. Kabla ya kusaini waambie wakuchapie jedwali mbili, moja ya leo na moja riba ikiwa juu kwa asilimia 3, kisha utazame ni safu ipi imebadilika. Afisa akisema mfumo hauwezi, mwambie utasubiri. Unaweza. Ndio huo huo uliochapa ya kwangu ya 2034.

Ya tatu: isiyobadilika miaka miwili ya mwanzo, kisha inaachiwa. Hii ni chambo. Miaka miwili ya mwanzo deni ndiyo kwanza liko juu, sehemu kubwa ya rejesho ni riba, halafu unaachiwa mlango wazi wakati bado unadaiwa karibu lote. Mimi siichukui. Kama unauza mali fulani ndani ya miaka miwili na una hakika, sawa.

Kuhusu benki: mimi ni mtu wa CRDB, nasema wazi, na sababu yangu si riba. Tangu 2012 wana benki Burundi, na wateja wangu wa mawese na dagaa wengi ni wa Bujumbura. Hela ikipita benki, inaacha alama, na mtu asiye na hati ya mshahara anaombea mkopo kwa alama hizo. Miezi 12 ya miamala inayoonyesha mabonde na vilima vyako ina nguvu kuliko barua ya mtendaji. Vipengele nilivyosema hapo juu uwabane nao vile vile, upendeleo wangu hauwasamehi.

SACCOS na kujenga tofali kwa tofali: vinafaa kwa banda la uani na choo. Kwa nyumba nzima SACCOS wengi muda wao ni mfupi, rejesho linakuwa kubwa kuliko mtumbwi.

Na hizi gharama za pembeni, jamani. Mthamini wangu alitoka Mwanza, nauli juu yangu, malazi juu yangu, akakaa uwanjani dakika 20, akapima kwa macho, akaandika nyumba ina thamani ndogo kuliko saruji niliyoimwaga pale. Saruji yenyewe ya Kigoma mnajua bei yake inavyofika huku. Kisha ada ya mwanasheria, ya usajili wa rehani, ya bima, zote zikakatwa kwenye mkopo kabla sijauona, kwa hiyo nalipia riba hata nauli ya yule bwana. Waambie wakuandikie jumla ya makato kabla ya barua ya ofa, si siku ya kusaini wakati mafundi wameshafika.

Yule dada wa Ujiji nimemwambia achukue ya 17, ila arudi kwanza akaulize kuhusu milioni 3 ya Septemba. Jana amenijibu: afisa amesema "hilo tutaliangalia baadaye". Nimemwambia asisaini.