Kipanya cha optiki au cha leza: mwongozo wa kununua kwa mwenye meza ya kioo

Meza nyingi za ofisi na za maduka ya steshenari hapa Mtwara zimefunikwa kioo, na chini ya kioo hicho hupangwa kalenda, bei za fotokopi na picha za familia. Katika kazi yangu ya kutengeneza kompyuta, vipanya vingi ninavyoletewa kwa madai kwamba vimeharibika huwa ni vizima kabisa, na kilichovishinda ni kioo.

Kipanya cha optiki humulika meza kwa taa ndogo, aghalabu nyekundu, ambayo mwanga wake huja kwa ubavu ili vijinundu vya uso wa meza vitoe vivuli. Kamera ndogo iliyo tumboni mwake hupiga picha zaidi ya 1,000 kwa sekunde, kisha hulinganisha kila picha na iliyotangulia ili kujua vivuli vimesogea upande gani. Kipanya cha leza, kilichoanza kuenea madukani mwaka 2004 kwa jina la MX1000 la kampuni ya Logitech, hufuata kanuni hiyohiyo, ila mwanga wake hufichua hata mikwaruzo midogo sana, na kwa sababu hiyo huweza kufanya kazi juu ya mbao iliyopakwa vanishi ya kung'aa. Msidanganywe na muuzaji anayesema kwamba kipanya kisicho na taa nyekundu ni cha leza, kwa maana vipo vya optiki vyenye taa isiyoonekana kwa macho. Cha leza huwa na lebo chini yake inayoitaja leza ya daraja la 1.

Kioo huvishinda vyote viwili. Mwanga hupenya badala ya kurudi, na karatasi zilizo chini ya kioo cha milimita 5 ziko mbali mno na lenzi, kwa hiyo picha yake huwa na ukungu. Mwenye duka mmoja alinunua kipanya cha leza kwa ajili ya meza yake ya kioo, kikafanya kazi siku nzima, na kesho yake asubuhi mshale ukagoma. Nilipomuuliza kilichobadilika, alisema msaidizi wake alikuwa amefuta meza vizuri. Kumbe kipanya kilikuwa kikisoma vumbi! Tuliweka karatasi nyeupe ya A4 chini ya kipanya, mshale ukatembea barabara, na hicho ndicho kipimo ambacho kila mtu akifanye kabla ya kutoa fedha: mshale ukitulia juu ya karatasi, kinachohitajika ni pedi. Ukiendelea kuruka, chungulia kwanza kama unywele umenasa kwenye tundu la lenzi.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza, kwa karani wa chama cha korosho kama kwa mwanafunzi, ni kipanya cha kawaida cha optiki pamoja na pedi ya kitambaa. La pili ni optiki juu ya pedi ngumu ya plastiki isiyong'aa, ambayo hufutika upesi pale penye vumbi jingi, ingawa hukwaruza miguu ya kipanya. Leza naiweka ya tatu, kwa mtu anayehamahama na asiyeweza kubeba pedi. Vipo pia vipanya vya bei kubwa vilivyotengenezwa kwa ajili ya kioo, lakini sioni sababu ya kuvinunua ikiwa kipande cha kitambaa kinamaliza tatizo.

Leza na kitambaa havipatani vizuri, kwa kuwa mwanga wake huzama kati ya nyuzi, na umbali uleule wa mkono huweza kuhesabiwa tofauti kulingana na kasi. Ukitaka kuhakikisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike:

```
main.cpl
```

Katika sehemu ya Pointer Options, ondoa alama kwenye Enhance pointer precision. Kisha egemeza kipanya kwenye rula, ukisogeze sentimita 2 kwa haraka na kukirudisha polepole, mara 10, bila mshale kugusa ukingo wa skrini. Kihisi kizuri huurudisha mshale karibu na pale ulipoanzia, na kibaya huuacha umehama waziwazi.

Kuhusu pedi yenyewe, chagua yenye rangi moja iliyofifia, unene wa milimita 2 au 3, na ukubwa usiopungua sentimita 20 kwa 25. Pedi yenye picha inayong'aa, hata iwe nzuri namna gani, hurudisha mwanga kama kioo. Ibonyeze mpira wake dukani: ukinata vidoleni, iache, kwani kwa joto na unyevu wa pwani yetu utagandamana na meza. Yenye kingo zilizoshonwa haifumuki upesi. Ifue kwa sabuni na uianike kivulini hadi ikauke kabisa ndipo uirudishe mezani.